Mpini unacheza, panga limekatikia shingoni: jinsi ya kujua kama shida ni msuka

Ukikutana na panga au kisu kilichovunjika, kabla ya kulaumu chuma angalia kwanza kimevunjikia wapi. Mara nyingi hakijavunjika katikati ya bapa wala nchani, kimekatika pale pale kinapoingia kwenye mpini. Hapo ndo kuna kitu watu hawakioni dukani kwa sababu kimefichwa, msuka, yani kile chuma kinachoendelea kutoka kwenye bapa kuingia ndani ya mpini. Ukijua msuka ukoje unaweza kukisia kabisa kifaa kitaharibikaje, na kikishaharibika unaweza kurudi nyuma ukajua kwa nini.

Kwa kifupi, msuka kamili ni ule ambao chuma kinaenda mpaka mwisho wa mpini na upana wake ni uleule wa mpini, halafu vibao viwili vinabanwa huku na huku kwa riveti. Panga nyingi tunazolimia ziko hivi. Msuka nusu ni ule unaoishia njiani, unaingia sentimita nne tano tu kwenye mbao au plastiki basi. Katikati ya hawa wawili kuna msuka wa ndani, mwembamba lakini mrefu, unapita ndani ya tundu la mpini, wakati mwingine unatokea nyuma na kugongwa mpaka ufanye kichwa au kubanwa kwa nati. Wauzaji wa mtandaoni wanapenda sana kuandika fultangi, yani msuka kamili, kwa herufi kubwa utadhani hizo nyingine ni takataka, na sio kweli. Katana za Japani hazina msuka wa namna ya panga, zina msuka wa ndani unaoshikwa na kijiti cha mwanzi, na zilitumika vitani karne na karne. Panga za Ulaya za zamani nazo msuka ulikuwa mwembamba, unapita katikati ya mpini na kugongwa kichwa kwenye tako la nyuma. Kwa hiyo msuka kamili unasaidia, tena sana, ila sehemu inayoamua kama kitavunjika au hakitavunjika ni bega, pale upana wa bapa unapopungua kuwa msuka. Ukiliweka hilo kichwani dalili nyingi zitakuwa rahisi kusoma.

Kwanza jua una msuka gani, bila kufungua

Tazama mgongo wa mpini na tumbo lake. Ukiona mstari wa chuma umezunguka kutoka mbele mpaka nyuma, juu na chini, huo ni msuka kamili. Ukiona chuma kinaonekana kwa juu tu halafu kinapotelea katikati ya mpini, huo ni nusu. Ukiwa huoni chuma popote, chukua sumaku ndogo, hata ya spika mbovu, uitembeze polepole juu ya mpini kutoka mbele kwenda nyuma na usikilizie inaachia wapi. Inapoacha kuvuta ndo msuka umeishia hapo, ilimradi mpini wenyewe hauna pete ya chuma wala riveti za chuma za kukuchanganya. Pia kuna stenlesi ambazo sumaku haizishiki kabisa, ila visu vyenye makali ya maana karibu vyote vinashikika.

Riveti zisikudanganye. Kuna visu vya jikoni vya bei rahisi vina vichwa vitatu vizuri vinang'aa, kumbe riveti ya mbele tu ndo imeshika chuma, hizo mbili za nyuma zimepigwa kwenye mbao tupu kama urembo. Sumaku itakwambia.

Dalili: mpini unacheza

Hii ndo ya kawaida kuliko zote na watu wengi wanaimaliza kwa kufunga mpira wa tyubu ya baiskeli. Mpira unashika kweli, lakini unaficha kinachoendelea chini na unatunza maji humo ndani, kwa hiyo ukiufunga bila kukagua unakuwa umehamisha tatizo kwenda mwezi ujao.

Bana bapa kwenye jiliwa, weka vipande viwili vya mbao ili usilikwaruze, afu shika mpini uusukume. Usisukume ovyo, sukuma kwa njia tatu na uangalie mojamoja. Kwanza vuta na rudisha kwa mstari wa kisu, kama unataka kuuchomoa. Ukisogea, basi gundi imekufa au nati ya nyuma imelegea, chuma chenyewe hakina neno. Pili sukuma juu na chini, yani upande wa mgongo na upande wa makali. Ukicheza hivi wakati mbele pamefunguka mwanya mdogo, tundu la mpini limetanuka, na hiyo ni dalili ya msuka mfupi au mwembamba uliotumika kukatia vitu vigumu. Tatu sukuma kwa ubavu. Kama mpini umekaa imara kwenye msuka lakini bapa ndo linaonekana kuegemea, tena unasikia kamlio ka "tik", acha kabisa kulitumia, manake hapo kuna ufa begani na mbao au plastiki ndo inashikilia kilichobaki.

Kwa panga lenye msuka kamili kinachocheza ni kibao. Mbao ilikuwa mbichi wakati inafungwa, ikakauka ikasinyaa, riveti ikabaki ndefu kuliko unene uliopo. Kama mbao haijapasuka weka panga kwenye fuawe au hata kwenye reli, riveti ilale sawasawa upande wa chini, gonga kichwa cha juu kwa nyundo ndogo, mapigo mengi mepesi kuzunguka ukingo. Pigo moja zito linapasua kibao. Kama tundu la mbao limeshaliwa, riveti mpya nene kidogo ndo dawa, au toa vibao vyote uweke vipya. Ukikata riveti kutoka kwenye waya wa shaba au aluminiamu acha kama milimita 2 zichomoze kila upande, ukiacha ndefu itapinda badala ya kutanuka kichwa.

Kwa msuka wa ndani uliolegea, chomoa, sugua msuka kwa msasa mpaka uone chuma kisafi, futa kwa spiriti ili mafuta yatoke, kwangua tundu la mpini pia, halafu gundi ya epoksi ile ya mirija miwili. Ijaze ndani ya tundu kwanza kwa kijiti nyembamba ndo uingize msuka, ukipaka juu ya msuka peke yake gundi yote inabaki mlangoni na ndani panabaki hewa. Iache mpaka kesho yake. Wazee walikuwa wanachoma msuka ukawa mwekundu na kuuzamisha kwenye mpini ili ujichongee tundu lake, na njia hiyo inafanya kazi mpaka leo, ila bapa lazima lifungwe kitambaa kilicholowa maji muda wote, joto likipanda mpaka kwenye makali unakuwa umeua kisu kwa ajili ya mpini.

Dalili: mpini unapasuka kwa mbele

Mbao inapasuka kuanzia mdomoni, ufa unafuata nyuzi kuelekea nyuma. Watu wanalaumu mbao. Wakati mwingine ni kweli mbao ni mbovu, lakini ukikuta umebadilisha mipini na yote inapasuka palepale, ni urefu wa msuka.

Hebu tupige hesabu ya haraka, ya kukadiria tu. Tuseme bapa limegonga gogo sentimita 30 kutoka kwenye mpini, na pigo lile linasukuma kama uzito wa kilo 20. Nguvu hiyo inataka kuzungusha bapa, na kinachozuia lisizunguke ni msuka kusukuma mbao sehemu mbili, mbele upande mmoja na nyuma upande wa pili. Kama kati ya sehemu hizo mbili kuna sentimita 10, mbao inabeba kilo 60 nyuma na kilo 80 mbele, maana mbele inapokea na lile pigo lenyewe. Kama msuka ni mfupi na kuna sentimita 4 tu, inabeba kilo 150 nyuma na kilo 170 mbele. Pigo ni lilelile, mkono ni uleule, lakini mbao inabeba zaidi ya mara mbili, tena kwenye eneo dogo zaidi. Ndo maana tundu linatanuka, halafu likishatanuka msuka unapata nafasi ya kujirusha kabla ya kugonga ukuta wa tundu na kila pigo linakuwa kama nyundo ndani ya mpini.

Sasa usije ukatupa kisu cha nyanya kwa sababu ya hesabu hiyo. Kisu cha kukatia nyanya au kumenyea hakipati hata robo ya nguvu ile, msuka nusu unakitosha miaka mingi. Visu vya Mora vya Sweden vingi vina msuka wa ndani na watu wanachongea mbao kila siku bila shida. Visu vingi vya jikoni vya Kijapani vyenye mpini wa mbao ya duara navyo msuka wake umechomekwa tu, ukichakaa mpini unang'oa unaweka mwingine, na hiyo ni faida ambayo msuka kamili hauna. Tatizo linaanza kisu cha namna hiyo kinapotumika kuvunja mfupa, kupasua kuni kwa kugongwa mgongoni, au kubandulia kifuniko cha ndoo ya rangi.

Tiba ya kweli ya mpini unaopasuka mbele ni pete. Bomba la shaba au la maji lililokatwa kama sentimita moja na nusu, likaingizwa kwa kubana kwenye mdomo wa mpini, linazuia mbao isifunguke. Haliongezi urefu wa msuka lakini linapunguza madhara. Kama msuka ni wa sentimita 4 na unataka kufyekea, hakuna pete itakayokusaidia, badilisha kifaa.

Dalili: limekatikia begani

Hapa tukae kidogo maana ndo penyewe.

Panga linapogonga kitu, linataka kupinda kwa njia ya upana wake, kutoka makali kwenda mgongoni. Kwa pinda ya namna hiyo nguvu ya chuma inategemea upana uliozidishwa kwa upana, na unene mara moja tu. Kwa hiyo msuka wa upana wa milimita 30 na msuka wa milimita 10 wenye unene sawa hawapishani mara tatu, wanapishana mara tisa. Ukipinda kwa ubavu, kama unabandua kitu, hapo upana unahesabika mara moja tu, unapata tofauti ya mara tatu. Hiyo ndo sababu halisi ya msuka kamili kuwa imara, upana pale begani, wala sio kule kufika kwake mpaka mwisho wa mpini. Sentimita za mwisho za chuma kule nyuma zinabeba kazi ndogo sana, ndo maana mafundi wengine wanaupunguza msuka kamili kuelekea nyuma ili kifaa kisiwe kizito mkononi, na hawapotezi kitu.

Lakini upana peke yake hautoshi. Kona kali ya ndani, ile inayokatwa mraba kabisa kati ya bega na msuka, inakusanya nguvu yote mahali pamoja kama kichane kidogo kwenye mfuko wa nailoni, ukivuta lazima mfuko uchanikie hapo. Kila pigo linafungua kakona hako kidogo kidogo, ufa unatembea bila wewe kuuona kwa sababu uko ndani ya mpini, siku moja unafyeka kijiti tu cha kawaida na bapa linaruka.

Kusoma mkatiko ni rahisi ukijua cha kutafuta. Chukua vipande vyote viwili upeleke juani, usivisugue wala usivigonganishe. Ukiona kona moja ina doa jeusi au la kutu na sehemu iliyobaki ni safi inang'aa, doa lile ni ufa wa zamani ulioingiza hewa na maji kwa muda, na pale pasafi ndo pamekatika siku hiyo. Wakati mwingine kwenye doa kuna mistari myembamba iliyopindana, kila mmoja ni hatua ya ufa. Ukiona uso wote ni mpya na una chembe kubwa zinazometameta kama sukari, chuma kilichomwa kupita kiasi, na kama kilitiwa maji bila kurudishwa kwenye moto kupunguza ukavu kinakuwa kikavu zaidi, yani kigumu lakini chepesi kukatika. Na ukiona chuma kimejipinda kwanza ndo kikachanika, kilikuwa laini au chembamba mno, si kikavu.

Mfano mmoja uko wazi sana. Sime ya mlinzi, imefuliwa kutoka springi ya gari, bapa sentimita 45, imetanuka kuelekea nchani kama sime zilivyo, kwa hiyo uzito wake mwingi uko mbele na begani panapata taabu kuliko kwenye kisu cha kawaida. Msuka ulikuwa na upana wa milimita 9 na unene wa 5, umeingia vizuri tu kwenye mpini wa mbao uliovikwa ngozi, urefu haukuwa tatizo. Ikakatika wakati anafyeka ua. Mpini ulipofunguliwa ikaonekana mabega yamekatwa kwa diski ya grenda, mraba kabisa, na diski ilipitiliza ikaacha mfereji wa kama milimita moja na nusu kila upande ndani ya msuka wenyewe. Fundi aliona msuka wa milimita 9, kumbe pale begani zilibaki 6. Sita mara sita ni 36, tisa mara tisa ni 81, yani nguvu imeshuka chini ya nusu kabla sime haijatumika hata siku moja, na hapo bado hujahesabu ukali wa kona. Kwenye mkatiko palikuwa na doa jeusi la umbo la nusu duara kwenye kona ya upande wa makali, na sehemu iliyobaki ni ya kijivu yenye chembe za kuonekana kwa macho. Kwa hiyo yalikuwa mawili, kona na chuma kikavu, kwa sababu wakati wa kutia maji sime yote ilizamishwa mpaka msuka.

Upande wa makali ndo ufa ulipoanzia na hiyo ina maana, ukigonga kitu kwa makali, bapa linasukumwa kurudi nyuma kuelekea mgongoni, kwa hiyo upande wa makali unavutwa na upande wa mgongo unabanwa. Ufa unapenda panapovutwa.

Ilitengenezwaje tena? Msuka haukurudishiwa kwa kuchomelea, ulichongwa mpya kutoka kwenye bapa lenyewe. Sime ikachomwa ikawa nyekundu ikazikwa kwenye majivu usiku kucha ili ilainike itobolewe. Sentimita 9 za bapa upande wa nyuma zikawa msuka, bapa likabaki 36. Kabla ya kukata, yakatobolewa matundu mawili ya drili ya milimita 6 pale kona za mabega zitakapokuwa, halafu grenda ikakata kuja kuishia kwenye tundu, sio kupitiliza. Ukifanya hivyo kona inabaki ya mviringo yenyewe, nusu ya tundu, huhitaji ustadi wowote. Msuka ukaachwa milimita 16 begani ukapungua mpaka 8 kule mwisho, alama za grenda zikasuguliwa kwa tupa kufuata urefu wa msuka, kwa sababu mikwaruzo inayokatiza upana nayo ni kona ndogo ndogo. Wakati wa kuzamisha kwenye mafuta sime ikashikwa kwa msuka na bapa tu ndo likaingia, msuka ukabaki nje upoe wenyewe, halafu bapa likarudishwa kwenye moto mdogo kupunguza ukavu. Kumi na sita ukilinganisha na sita ya zamani, kwa hesabu ileile ya upana mara upana, ni nguvu ya mara saba, na bapa nalo ni fupi zaidi kwa hiyo mzigo umepungua.

Kama sime au kisu chako kiko kizima bado na una wasiwasi msuka umekauka sana, unaweza kulaza bapa kwenye karai la maji, msuka ukiwa nje, upashe msuka kwa tochi ya gesi mpaka rangi ya bluu itokee, uache upoe. Msuka unataka ustahimilivu, ukali wa makali hauuhusu. Hii ni kwa chuma cha kaboni kama springi na tupa. Sime zilizofuliwa kutoka tupa za zamani ndo zinahitaji zaidi maana tupa ina kaboni nyingi kuliko springi.

Dalili: ufa kwenye tundu la riveti

Hii ni ugonjwa wa msuka kamili. Panga limevunjika ndani ya mpini, sentimita mbili tatu nyuma ya bega, mkatiko unapita katikati ya tundu la riveti ya mbele.

Pinda ya kufyeka inavuta na kubana kingo, yani upande wa makali na upande wa mgongo, katikati ya upana hakuna kazi kubwa. Kwa hiyo tundu la milimita 6 katikati kabisa ya msuka wa milimita 30 halipunguzi hata asilimia moja ya nguvu ya kufyeka. Tundu hilohilo ukilisogeza pembeni karibu na ukingo umeharibu, na ndo inavyokuwa mtu anapotoboa tundu jipya kwa sababu la zamani limekataa kulingana na kibao. Pia ukibandua kwa ubavu hali inabadilika, hapo tundu linachukua asilimia 20 ya nguvu popote lilipo. Kwenye msuka mwembamba wa milimita 10 tundu la 5 linachukua nusu ya nguvu ya ubavu. Wajapani walilijua hili, tundu la kijiti cha mwanzi kwenye katana limewekwa nyuma kidogo ya bega, mzigo unapokuwa umeanza kupungua.

Kwa hiyo ukilazimika kutoboa, toboa katikati, mbali na bega, na ukimaliza zungusha drili kubwa kwa mkono kwenye mdomo wa tundu kuondoa ukali. Usipige tundu kwa msumari na nyundo, linaacha nyufa za mwanzo kuzunguka ukingo. Na kama ufa umeshaanza, kuna watu wanatoboa katundu kadogo kwenye ncha ya ufa ili usiendelee, kwenye bati inasaidia, kwenye panga la kufyekea mimi nisingeliamini.

Dalili: kitu kinalia ndani ya mpini wa upanga wa mapambo

Hizi za kutundika ukutani, zinang'aa, kinga ya mkono imechongwa madragoni, bapa la stenlesi. Tikisa polepole karibu na sikio. Ukisikia mlio, ndani karibu kila mara kuna fimbo nyembamba ya bolti iliyochomelewa kwenye kipande kifupi cha bapa na kubanwa na nati kwenye tako. Hakuna msuka wa kuzungumzia. Pale pa kuchomelea ndo patakapokatika, na bapa lote litaondoka mkononi kama mshale likiwa na uzito wake kamili. Kukaza nati hakutibu, unaongeza tu mvuto kwenye pa kuchomelea. Hizi hazipigiwi kitu wala kuzungushwa hewani, hata kwa kucheza, hata kukata chupa ya plastiki kwa ajili ya video. Irudishe ukutani, na kama watoto wanafika hapo ihamishie juu zaidi.

Usichanganye na upanga wa kweli ambao nati ya nyuma imebana msuka wenyewe uliotengenezwa kwa chuma kimoja na bapa. Fungua nati uangalie. Kama chuma kinapungua taratibu kutoka bega mpaka kwenye uzi wa nati bila alama ya kuchomelea, ni nzima, kaza uendelee. Mstari wa mshono, rangi ya kuungua au uvimbe wa weldi ni jibu tosha.

Dalili: kutu inachungulia kati ya kibao na chuma

Hii nayo ni ya msuka kamili. Maji yanaingia chini ya kibao, hayatoki. Kutu inavimba, inasukuma kibao, mwanya unakua, maji mengi zaidi yanaingia. Kwa nje unaona mstari wa kahawia tu lakini ndani msuka wa milimita 2 unaweza kuwa umeliwa mashimo mashimo, na kila shimo ni mahali pa ufa kuanzia. Pwani ni mbaya zaidi kwa sababu ya chumvi hewani. Toa kibao kimoja uangalie. Kutu ya juu inayotoka kwa msasa haina shida, safisha, paka epoksi nyembamba upande wa ndani wa kibao, funga tena. Mashimo ambayo kucha inakwama, hasa sentimita tatu za kwanza kutoka begani, hilo panga libaki la kupalilia tu, la kugonga hapana.

Je, msuka uliokatika unachomelewa?

Swali hili linaulizwa kila siku na fundi wa kuchomelea atakwambia ndiyo kwa sababu kwake ni chuma kama vyuma vingine. Shida ni kwamba chuma cha panga, springi na tupa kina kaboni nyingi, ukikichomelea kikapoa haraka kinakuwa kikavu sana pembeni ya mshono, na mshono wenyewe uko begani ambapo ndo penye kazi kubwa. Kitashika, utafurahi wiki moja, halafu kitakatika milimita chache kando ya weldi, mara nyingi bila kupinda kwanza. Kwa kisu cha jikoni cha kukatia mboga fanya, sio hatari. Kwa kitu cha kufyekea au kupigia kwa nguvu, ama uchonge msuka mpya kutoka kwenye bapa kama ile sime, ama bapa ligeuzwe visu viwili vidogo, na hapo unapata vyuma vizuri sana maana bapa la panga lililokatikia begani mara nyingi halina kasoro yoyote kuanzia hapo kwenda mbele. Ukichora visu hivyo juu ya bapa, chora na msuka wake palepale, bega la mviringo, kabla grenda haijawashwa.